Asilimia Ngapi, ya Nini? Kusoma Mikataba ya Mawakala wa Mauzo kutoka Bunia hadi Epulu

Mhadhara kwa wahasibu na wasaidizi wa mauzo, Bunia



Mkurugenzi wa mauzo akisema, "Nionyesheni tunavyowalipa mawakala wetu," kwa kawaida anachotaka ni karatasi moja. Anataka kuona Komanda, Mambasa na Epulu zimepangwa pamoja, ajue nani analipwa zaidi, nani ana lengo kubwa, na nani anaweza kuachishwa bila gharama. Msaidizi wake anafungua mafaili, anatafuta alama ya asilimia, na jioni anapeleka jedwali: Mambasa 5%, Komanda 6%, Epulu 4%. Kesho yake mkurugenzi anaamua kwamba wakala wa Komanda ni ghali na wa Epulu ni nafuu. Uamuzi huo unaweza kuwa kinyume kabisa cha ukweli, ingawa hakuna tarakimu hata moja iliyonakiliwa vibaya.

Leo nataka tusome mikataba mitatu pamoja, polepole. Ni mikataba ya mfano. Nimeitunga kwa vifungu vya aina ninayokutana nayo kazini, na sijachukua karatasi ya kampuni yoyote. Tuchukue kampuni ya Bunia inayouza sabuni na mafuta ya kula kwenye Barabara ya Taifa Namba 4. Wakala mmoja yuko Komanda, katika teritwari ya Irumu. Wa pili yuko Mambasa mjini. Wa tatu yuko Epulu, kama kilomita 70 magharibi ya Mambasa, ndani ya Hifadhi ya Okapi, kando ya mto Epulu. Wateja wake ni watumishi wa hifadhi, madereva wa malori na wenye vibanda wa vijiji vya barabarani. Nimemchagua yeye kuwa mfano mkuu kwa sababu yuko mwisho wa mnyororo, na hali ya barabara inaingia moja kwa moja ndani ya kontra yake.

Kabla ya kusoma kifungu chochote, kusanyeni karatasi zote za wakala huyo. Mkataba uliotiwa saini siku ya kwanza mara nyingi si mkataba unaotumika leo. Kuna kiambatisho cha bei. Kuna nyongeza ya ukurasa mmoja iliyosainiwa miaka miwili baadaye. Kuna barua ya kampuni inayosema "kuanzia mwezi ujao kamisheni itakuwa hivi," ambayo wakala aliipokea ila hakuijibu. Kila karatasi iandikwe kwenye jedwali na tarehe yake, na ionekane kama pande zote mbili zilitia saini. Barua ya upande mmoja iwekwe peke yake yenye alama, maana kama imebadilisha mkataba au la ni swali la wakili. Msaidizi hana ruhusa ya kulijibu kimyakimya kwa kuchagua tarakimu moja na kuiacha nyingine.

Halafu ulizeni huyu mtu ni nani hasa. Hapa kwetu kila anayeuza bidhaa za kampuni huitwa ajenti. Lakini yule anayenunua katoni kwa pesa yake, anaziuza kwa bei yake na kula faida, hana kamisheni. Ana punguzo la bei, na kumweka kwenye jedwali la kamisheni ni kulinganisha vitu viwili visivyolingana. Yule anayepokea mshahara na kupangiwa saa za kazi ni mfanyakazi, na anaangukia Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Anayebaki ni wakala wa biashara: mtu anayejitegemea, anayetafuta wateja na kufunga mauzo kwa jina la kampuni, kazi ya kudumu, bila mkataba wa ajira. Huyo ana sheria yake, nayo tutaifikia. Mawakala wetu watatu wote ni wa aina hii.

Sasa tuingie kwenye kamisheni. Mkataba wa Mambasa, wa Februari 2019, unasema wakala atapata 5% ya jumla ya ankara. Wa Komanda, wa Julai 2020, unasema 6% ya pesa zilizopokelewa kutoka kwa wateja, kabla ya kodi. Wa Epulu, wa tarehe 1 Machi 2021, unasema 4% ya thamani ya bidhaa zilizofikishwa kwa wateja, kabla ya kodi, na "7% akivuka lengo la dola 5,000 kwa mwezi".

Kila asilimia hapo ina maswali mawili nyuma yake: ni asilimia ya nini, na haki ya kuipata inaanza lini? Ankara ya Kongo ina TVA ya 16%. Kwenye karatasi mtaona herufi HT kwa bei kabla ya kodi na TTC kwa bei pamoja na kodi, na mara nyingi mkataba hautaji mojawapo. Ukiona "jumla ya ankara" bila maelezo, nenda kachukue ankara yenyewe uone mstari wa jumla unaonyesha nini. Katika mfano wetu unaonyesha bei pamoja na kodi.

Tuwape mawakala wote watatu mwezi mmoja unaofanana. Kila mmoja amefikisha bidhaa za dola 8,000 kabla ya kodi, yaani ankara za dola 9,280 pamoja na kodi. Wateja wamelipa robo tatu tu ndani ya mwezi huo, hivyo pesa zilizopokelewa, ukitoa kodi, ni dola 6,000.

Mambasa anapata 5% ya 9,280, ambayo ni dola 464. Komanda, mwenye asilimia iliyoonekana kubwa, anapata 6% ya 6,000, yaani dola 360, na dola 120 zilizobaki atazipata wateja wakimaliza kulipa. Wasipolipa, hapati kitu. Kwa hiyo wakala wa Komanda anabeba sehemu ya hatari ya madeni pamoja na kampuni, ilhali wa Mambasa haibebi hata kidogo. Tofauti hiyo mkurugenzi anaihitaji kuliko asilimia yenyewe, kwa sababu inamweleza kwa nini wakala mmoja anahangaika na wadaiwa na mwingine hashughuliki.

Epulu ndiyo ngumu. "7% akivuka lengo" inasomeka kwa njia mbili. Ya kwanza: 4% kwa dola 5,000 za mwanzo, halafu 7% kwa kile kinachozidi tu. Ya pili: akishavuka, 7% inashika mauzo yote ya mwezi tangu dola ya kwanza. Kompyuta zetu nyingi zina Ekseli ya Kifaransa, basi fomula mbili ni hizi, mauzo yakiwa kwenye B2:

```
=MIN(B2;5000)*0,04+MAX(B2-5000;0)*0,07
=B2*SI(B2>5000;0,07;0,04)
```

Kwa mauzo ya 8,000, ya kwanza inatoa dola 410, ya pili dola 560. Kwa hiyo huyu mwenye "4%" ama anamzidi wa Komanda mwezi huo kwa dola 50, ama anawazidi wote. Katika jedwali, sanduku la Epulu lisiandikwe 4%. Liandikwe maneno ya kifungu kama yalivyo, namba ya kifungu na ukurasa, kisha tarakimu zote mbili, na alama kwamba kifungu hakiko wazi. Msaidizi anayechagua usomaji mmoja ili jedwali lionekane safi amemnyima mkurugenzi swali lenye thamani ya dola 150 kwa mwezi.

Bado kuna jambo la eneo. Mkataba wa Epulu unamkabidhi wakala "eneo la Epulu hadi Nia-Nia". Maneno hayo machache watu huyapita kama anwani tu, lakini ni kifungu cha kamisheni. Kwa sheria yetu, wakala aliyekabidhiwa eneo au kundi la wateja ana haki ya kamisheni kwa mauzo yanayofanyika na mteja wa eneo hilo, hata kama yeye hakuyatafuta. Tuseme lori la kampuni limetoka Bunia na kushusha mzigo wa dola 3,000 kwa mfanyabiashara wa Nia-Nia, mauzo yakipangwa kwa simu na ofisi yenyewe. Dola 3,000 hizo zinaingia kwenye hesabu ya wakala wa Epulu, na zinaweza kumvusha lengo. Mikataba ya Mambasa na Komanda inataja mji ambako wakala anaishi, haimkabidhi eneo. Kwa hiyo jedwali linahitaji safu ya eneo pembeni kabisa ya safu ya asilimia.

Malengo ya mauzo yanahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa kuwa yanakuja kwa vipimo tofauti. Epulu ana dola 5,000 kwa mwezi. Komanda ana dola 24,000 kwa robo mwaka. Mambasa ana katoni 600 za sabuni kwa mwezi. Kishawishi ni kugawa na kuzidisha hadi yote yawe dola kwa mwezi. Fanyeni hivyo, ila msifute kipimo cha asili. Dola 24,000 kwa robo mwaka zikigawanywa ni 8,000 kwa mwezi, lakini wakala wa Komanda anaweza kuuza 4,000 katika mwezi wa mvua na kufidia miezi miwili inayofuata. Anayepimwa kila mwezi hana nafasi hiyo. Katoni 600 nazo zinategemea orodha ya bei. Kwa dola 15 kwa katoni lengo ni 9,000. Bei ikipanda hadi 17 lengo linakuwa 10,200 bila mtu kutia saini, ingawa kazi ya wakala haijaongezeka hata katoni moja. Ndiyo maana karibu na kila lengo lililogeuzwa kuwa dola lazima kuwe na tarehe ya orodha ya bei iliyotumika.

Kubwa zaidi ni kinachotokea lengo lisipofikiwa. Mikataba yetu mitatu inajibu kwa njia tatu. Epulu: wakala anabaki kwenye 4%, basi. Komanda: anakosa zawadi ya mwisho wa robo, kamisheni yake haiguswi. Mambasa: akikosa lengo miezi mitatu mfululizo, mkataba "unakoma wenyewe bila notisi". Lengo la kwanza ni kichocheo, la tatu ni upanga. Ukiyaweka kwenye safu moja yenye tarakimu tu, mkurugenzi hataiona tofauti hiyo hata akikodoa macho.

Na hapa ndipo barabara inapoingia. Mliosafiri msimu wa mvua mnajua foleni za malori yaliyokwama kwenye tope kati ya Mambasa na Epulu. Mnajua pia mashambulizi yaliyofunga barabara ya Komanda na Mambasa, na kwamba Ituri iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi iliyoanza tarehe 6 Mei 2021. Epulu yenyewe ilishambuliwa Juni 2012. Watu waliuawa, majengo ya kituo cha hifadhi yakachomwa, na okapi waliokuwa wakitunzwa pale wakauawa. Mwezi kama ule hakuna wakala anayeuza, na hakuna mtu mwenye haki ya kumwuliza kwa nini. Mkataba wa Epulu una kifungu kinachosema lengo linasimama "siku ambazo barabara haipitiki", bila kusema nani anathibitisha kwamba haipitiki. Mikataba ya Mambasa na Komanda haisemi lolote.

Katika jedwali, kutosema lolote lazima kuandikwe. Andikeni "mkataba hautaji", kwa maneno. Sanduku tupu linaweza kumaanisha kifungu hakipo, au msomaji hakukitafuta, au fotokopi haikusomeka, na mkurugenzi hawezi kujua ni lipi. Alama ya sifuri ni mbaya zaidi, maana inaonekana kama jibu. Kwa upande wa kusitisha mkataba, kuchanganya kutosema na sifuri kunaweza kuigharimu kampuni pesa nyingi.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012. Sheria ya Pamoja ya biashara kwa jumla, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, ina sura ya mawakala wa biashara, na sura hiyo inajaza pale mkataba ulipokaa kimya. Mahali pengine inafuta hata kile mkataba ulichosema. Ninaona mikataba Ituri iliyonakiliwa kutoka vielelezo vya Kampala au Nairobi, ambako mambo mengi ya uwakala yanaachiwa makubaliano ya wahusika. Vielelezo hivyo vikivuka mpaka wa Mahagi, vifungu vyake vya mwisho wa mkataba havina tena nguvu ileile.

Tuanze na notisi, au preavi kama tunavyosema hapa. Kwa mkataba usio na muda maalumu, sheria inataka mwezi mmoja mkataba ukiwa katika mwaka wake wa kwanza, miezi miwili ukishaingia mwaka wa pili, mitatu ukishaingia wa tatu na kuendelea. Mkishakubaliana kipindi kirefu zaidi, cha kampuni kisiwe kifupi kuliko cha wakala. Na mkataba wa muda maalumu ambao pande zote zimeendelea kuutekeleza baada ya muda wake kwisha unahesabiwa kuwa hauna muda maalumu.

Sasa someni. Mambasa: "kila upande unaweza kusitisha kwa notisi ya siku 30". Komanda: wakala atoe miezi mitatu, kampuni mmoja. Epulu: mkataba wa mwaka mmoja kuanzia 1 Machi 2021, haukuhuishwa kamwe kwa maandishi, kazi imeendelea hadi leo, na hakuna neno lolote kuhusu kusitisha. Jedwali la haraka lingesema: Mambasa siku 30, Komanda mwezi mmoja, Epulu umekwisha. Jedwali linalosoma sheria linasema kampuni inadaiwa miezi mitatu kwa wote watatu. Siku 30 za Mambasa ziko chini ya kiwango. Mwezi mmoja wa Komanda uko chini ya kiwango, na tena ni mfupi kuliko wa wakala. Mkataba wa Epulu, ambao mhasibu mmoja angeuweka kwenye faili la mikataba iliyokwisha, uko hai na una umri wa kutosha kudai notisi kamili.

Kwa sababu hiyo, safu ya kusitisha igawanywe mara mbili. Upande mmoja: mkataba unasema nini. Upande wa pili: kiwango cha chini cha sheria ni kipi. Msichanganye viwili hivyo katika sanduku moja, kwa kuwa cha kwanza ni kazi yenu ya kunakili na cha pili kinapaswa kupitiwa na wakili kabla mkurugenzi hajatia saini barua yoyote.

Kile kifungu cha Mambasa, cha kukoma bila notisi baada ya miezi mitatu ya kukosa lengo, kinahitaji neno lake. Sheria inaondoa notisi pale kuna kosa kubwa la upande mmoja au nguvu iliyo juu ya uwezo wa mtu. Je, kukosa katoni 600 ni kosa kubwa? Na kama miezi miwili kati ya mitatu malori hayakupita? Sitajibu hapa, na nyinyi msijibu ndani ya jedwali. Andikeni tarehe za miezi hiyo, mauzo yake, na siku ambazo barabara ilifungwa kama kumbukumbu za ofisi zinavyoonyesha. Wakili akipewa hayo anaweza kufanya kazi.

Kuna pia malipo ya fidia mwisho wa uhusiano. Kampuni ikimwachisha wakala asiye na kosa kubwa, anastahili fidia isiyopungua kamisheni ya mwezi mmoja akishamaliza mwaka wa kwanza wote, miezi miwili akishamaliza wa pili, mitatu akishamaliza wa tatu, ikihesabiwa kwa wastani wa miezi 12 ya mwisho. Kwa miaka inayozidi mitatu, kiasi kinaachiwa makubaliano. Tuseme wakala wa Epulu amepata wastani wa dola 380 kwa mwezi katika mwaka uliopita. Kiwango cha chini ni dola 1,140, na kwa miaka ya baada ya hapo mkataba hautaji. Vifungu vinavyomnyima wakala haki hii vinahesabiwa kama havikuandikwa. Kwa upande wake, wakala ana mwaka mmoja tangu mkataba kukoma wa kuijulisha kampuni rasmi, kwa hati inayopelekwa na afisa wa mahakama, kwamba anaidai; akinyamaza mwaka ukapita, amepoteza. Na kama mkataba unamkataza kufanya kazi na washindani baada ya kuondoka, angalieni pia, maana katazo hilo linampa haki ya fidia ya pekee.

Mkishamaliza kunakili, jedwali bado halijawa tayari. Makosa ya kunakili yapo, na ya kawaida ni ya alama ndogo. Mkataba wa mtindo wa Kifaransa unaandika 5.000 kwa elfu tano na 2,5% kwa mbili na nusu. Kielelezo cha Kampala kinaandika 5,000 na 2.5%. Fotokopi ya fotokopi inageuza 6 kuwa 8. Muhuri wa ofisi unakaa juu ya tarakimu ileile inayotafutwa. Mtu wa pili na asome kwa njia ya kurudi nyuma: aanze na sanduku la jedwali, aende kwenye ukurasa uliotajwa, aone kama maneno yapo. Akisoma tena mkataba kuanzia mwanzo, atafuata mkondo uleule wa mwenzake na kupita palepale alipoteleza.

Ila kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni stakabadhi za malipo. Chukueni kamisheni zilizolipwa miezi mitatu iliyopita, na mzihesabu upya kwa kutumia jedwali tu. Twende Epulu. Mwezi mmoja mauzo yalikuwa dola 6,200. Kwa usomaji wa kwanza, 200 na 84, jumla ni dola 284. Kwa usomaji wa pili, 7% ya zote, ni dola 434. Stakabadhi, yenye saini ya mhasibu na ya wakala, inasema 434. Mwezi mwingine, mauzo 5,600, malipo 392: tena 7% ya zote. Kwa hiyo kampuni yenyewe imekuwa ikikisoma kifungu hicho kwa njia inayomnufaisha wakala, mwezi baada ya mwezi, na itakuwa na kazi ngumu kudai leo kwamba kilimaanisha kitu kingine. Mkurugenzi anapaswa kulijua hilo kabla hajaketi na wakala kuzungumzia "marekebisho madogo ya kontra". Nyongeza mpya inaweza kuondoa utata kwa siku zijazo, wakala akikubali na kutia saini. Malipo yaliyopita yanabaki yalivyo.

Wakati mwingine hesabu haikubali kwa usomaji wowote. Mambasa jedwali linatoa 464, stakabadhi inasema 400. Msikimbilie kurekebisha jedwali. Dola 400 ni 5% ya 8,000, yaani mhasibu analipa kabla ya kodi wakati mkataba unasema jumla ya ankara. Ama mkataba umesomwa vibaya, ama wakala amekuwa akipunjwa dola 64 mwezi kama huo, naye ana haki ya kuzidai. Andikeni pengo hilo kwenye safu yake, na mwezi wake. Ninasisitiza hapa kwa kuwa nimeona watu wakilificha, wakidhani wanamlinda bosi. Mtu wa Mambasa anayetembea na sampuli za sabuni juu ya pikipiki amefanya kazi ya dola hizo, na ni zake.

Sasa karatasi ya mkurugenzi. Kila wakala apate mstari mmoja, na safu zisizidi zile atakazozitumia: asilimia pamoja na msingi wake, eneo, lengo kwa kipimo chake cha asili, matokeo ya kulikosa, notisi ya mkataba, kiwango cha sheria, na makadirio ya fidia leo. Chini yake ziwekwe kamisheni za ule mwezi mmoja wa mfano, 464, 360 na 410 au 560, kwa kuwa hizo ndizo zinazolinganishika kweli. Maswali ya wakili yakae ukurasa wa pili, kila moja na namba ya kifungu.

Na kama mkurugenzi, baada ya kuyasoma yote hayo, bado anataka kuachana na wakala wa Epulu, jedwali limwambie tarehe. Barua ikipokelewa tarehe 10 Aprili, miezi mitatu inafika 10 Julai. Lakini sheria inataka notisi iishe pamoja na mwisho wa mwezi wa kalenda, pande mbili zisipokubaliana vingine, na mkataba huu hautaji. Uwakala unakwisha tarehe 31 Julai. Hadi siku hiyo kila katoni inayofika Epulu au Nia-Nia ina kamisheni yake. Agizo lililopokelewa kabla ya siku hiyo lina kamisheni hata kama lori litafika Agosti. Na wakala ana hadi Julai ya mwaka unaofuata kuleta hati ya madai ya fidia.